Sabiha na Toleo la Nane

Sabiha Mwinyijuma hafanyi jambo kabla ya kulijaribu, na pale Magomeni, Bagamoyo, anakoishi, hakuna asiyelijua hilo. Alipoposwa na Ramadhan alimtaka kwanza waende naye sokoni, wanunue mchicha na dagaa tu, aone mwanamume huyu anavyobishana bei na watu. Harusi ilipokaribia alipika pilau ya kibaba kimoja mara tatu, akaigawa kwa majirani, akawauliza kasoro. Watoto wake walipoanza shule aliwatembeza njia ile Jumapili kutwa, milango ya darasa imefungwa. Ramadhan husema yeye mwenyewe yumo majaribioni mwaka wa kumi na nne sasa, na matokeo hajapewa.

Watu humcheka na yeye hacheki. Mdogo si mdogo, mkubwa si mkubwa, mweusi wa kung'aa, ana sauti ya chini inayomfanya mtu amsogelee ili amsikie. Ni afisa TEHAMA wa hospitali ya macho iliyo njia ya kwenda Kaole, na ni afisa huyo peke yake. Kompyuta ikigoma mapokezi, ni yeye. Printa ikimeza karatasi, ni yeye. Hata kiyoyozi cha chumba cha mganga kikivuja huitwa yeye, kwa kuwa kina waya.

Aliyemlea ni Bibi Kuruthumu wa Fukayosi, shangazi wa mama yake. Mama alipoolewa mara ya pili Vigwaza, mtoto alibaki kwa bibi, akakua katikati ya mihogo, mikorosho na ukindu uliotandazwa uani. Bibi alikuwa msusi wa mikeka, na hakuthubutu kutia ukindu wote rangini kabla hajachovya nyuzi chache na kuziacha zikauke usiku kucha. Sabiha akiulizwa alikojifunzia kazi hutaja chuo cha Dar es Salaam, kwa sababu ndicho kilichompa cheti.

Sasa Bibi alikuwa haoni. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho hadi akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Alikuwa amekwishapimwa hospitalini kwa mjukuu wake, lenzi yake imekwisha kuhesabiwa, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kambi ya upasuaji. Kambi hiyo huletwa na Daktari Majaliwa, bingwa anayezunguka pwani yote hadi Tanga. Akija anafanya kazi siku moja, anaondoka, na hurudi baada ya miezi.

Mwaka huo Sabiha alikuwa na kazi kubwa moja mkononi. Taarifa zote za wagonjwa hukaa kwenye kanzidata, nayo huendeshwa na seva iliyo katika chumba kilichokuwa stoo ya fremu za miwani. Seva ile ilikuwa ikitumia programu ya kanzidata iitwayo MySQL, toleo la tano nukta saba, toleo ambalo waliolitengeneza walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba hawaliangalii tena. Likipatikana tundu la kupenyea wezi, hakuna atakayeliziba. Wafadhili walitaka hospitali ihamie toleo la nane, na Bi Shufaa, mkuu wa hospitali, alimpa Sabiha kazi hiyo kwa maneno machache.

"Ufanye, lakini tusilale njaa."

Maana yake, mfumo usizimike wagonjwa wakiwapo. Na kuna jambo jingine ambalo kila fundi wa seva hizo analijua: ukishapanda toleo la nane hushuki tena. Mafaili hubadilishwa umbo, na toleo la zamani haliwezi kuyasoma. Ukitaka kurudi, unarudishia nakala ya akiba uliyoichukua kabla ya kupanda, na yote yaliyoandikwa baada ya hapo yanapotea.

Kwa hiyo alijaribu. Alichukua kompyuta ya zamani ya idara ya uhasibu, akaiweka pembeni mwa stoo, akaifungia toleo lile lile la zamani, akahamishia humo nakala ya kanzidata na faili la mipangilio la seva halisi bila kupunguza herufi. Akaiondoa kwenye mtandao wa hospitali, mtu asije akaingia humo akidhani ndiyo yenyewe. Kisha akaanza kuipandisha.

Kwanza aliendesha ile programu ndogo inayokagua kama seva iko tayari kuhama. Ilimletea kosa moja na tahadhari kadhaa. Kosa lilikuwa jedwali moja la mfumo lenye jina ambalo katika toleo jipya limechukuliwa na seva yenyewe; alimpigia Mikdad, kijana wa kampuni ya Dar iliyoandika mfumo wa hospitali, naye akalirekebisha baada ya kukumbushwa mara mbili. Kati ya tahadhari ilikuwamo inayosema kwamba kuna wagonjwa wengi ambao tarehe zao za kuzaliwa zina sifuri. Sabiha aliisoma, akasonya. Uvivu wa masjala, alijisemea, watu wanaruka fomu. Akaipanga katika mambo ya kusafishwa baadaye.

Kisha akasimamisha seva ya jaribio taratibu, akaweka toleo la nane, akaiwasha. Haikuwaka. Kwenye kumbukumbu zake iliandika kwamba kuna neno isilolifahamu katika faili la mipangilio. Neno hilo lilikuwa kwenye mstari mmoja uliowekwa na mtu aliyemtangulia kazini, mstari unaoiambia seva iwe kali kiasi gani kwa taarifa inazopokea. Ulikuwa na maneno mawili tu, na la pili ndilo lililofutwa katika toleo jipya. Sabiha angeweza kufuta neno. Badala yake aliweka alama ya reli mwanzoni mwa mstari, ukawa mstari uliolala, ambao seva huuruka bila kuusoma, seva ikawaka vizuri. Alifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyomzuia kujiuliza mstari mzima ulikuwa ukifanya kazi gani.

Wiki mbili alizunguka na jaribio lake. Aliwaita wauguzi mmoja mmoja stooni, wakasajili wagonjwa wa kubuni, kila mmoja akitumia tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa kwa kuwa ndiyo aliyoikumbuka haraka. Walifungua mafaili ya wagonjwa wa zamani, wakayasoma, wakachapisha ripoti. Kila kitu kilikwenda. Akafuta, akarudishia nakala, akapanda tena mwanzo hadi mwisho, safari hii bila kusimama hata mara moja.

Siku ya kupanda ilipangwa kuwa Ijumaa, baada ya swala, maana hospitali hufungwa mchana ule. Alhamisi Daktari Majaliwa alipiga simu: kambi iliyokuwa ya wiki inayofuata imesogezwa, anakuja Jumamosi.

Bi Shufaa alimwita Sabiha ofisini.

"Si tuahirishe hili lako?"

"Hapana haja, mama. Nimelijaribu mara mbili kwenye nakala. Liko sawa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuwa amewahi kusema hivyo kwa urahisi, na alisema mbele ya Shuaibu wa masjala, aliyekuwa ameleta barua za kusainiwa.

Ijumaa ikapita kama alivyoipanga. Alichukua nakala ya akiba, akahakikisha inafunguka, akapandisha seva, akaingiza mgonjwa mmoja wa kubuni na kumfuta. Alasiri haijaadhiniwa alikuwa amefunga mlango wa stoo. Alipita sokoni akanunua changu wawili, akawakaanga mwenyewe, akala kwa raha. Ramadhan alimuuliza kama samaki wale nao walijaribiwa.

Jumamosi asubuhi kambi ilianza kwa watoto. Mamlaka ya shule ilikuwa imeleta wenye makengeza, na mama zao walikuja na kadi za kliniki zenye tarehe kamili. Wakasajiliwa, wakapimwa, taarifa zikaingia. Sabiha alisimama nyuma ya karani akitazama kioo, kisha akaenda kunywa chai.

Coaster ya wazee iliingia chai ikiwa bado ya moto. Walishuka polepole, wa Fukayosi na wa Vigwaza pamoja, wanawake kwa khanga, wanaume kwa kofia, kila mmoja ameshikwa na mtu. Wa Saadani walikuwa wamefika tangu jana yake, wakalala wodini. Bibi Kuruthumu alishuka wa tatu, ameshikwa na jirani yake, uso ameuinua juu kidogo kama wafanyavyo wasioona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sabiha huyo. Mbona unanuka samaki?"

"Nilikula changu jana."

"Na mimi hukuniwekea."

Alimketisha kwenye benchi la barazani, kivulini, akamwambia asubiri kidogo tu.

Ndani, muuguzi aliyekuwa akijaza vipimo vya mzee wa kwanza alibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mfumo ukajibu: imeshindikana. Akabonyeza tena. Imeshindikana. Wa pili, vivyo hivyo, na wa tatu. Muuguzi akasimama mlangoni akamwita Sabiha kwa jina, bila sauti kubwa, lakini kwa namna iliyofanya watu wawili watatu wageuke.

Lazima lielezwe hapa kwa nini hawakuchukua kalamu tu wakaendelea. Miaka ya nyuma, mgonjwa mmoja alilazwa mezani ili apasuliwe jicho lisilo lenyewe, kwa ajili ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono ikasomwa vibaya. Aligunduliwa kabla ya kisu, Mungu bariki. Tangu siku hiyo Daktari Majaliwa hagusi jicho la mtu bila karatasi iliyotoka kwenye mfumo: jina, kijiji, jicho gani, lenzi ya nguvu gani. Na karatasi hiyo haitoki mpaka vipimo vya asubuhi ile vimehifadhiwa. Sheria nzuri, na siku hiyo iliwafunga wote mikono.

Sabiha alianza na mambo ya kawaida. Aliangalia kama diski imejaa. Ilikuwa na nafasi tele. Akaangalia kama seva imechoka, ilikuwa imetulia. Akaanzisha upya programu ya hospitali. Akamwambia karani asajili mtoto mwingine, mtoto akaingia bila shida, mzee akakataliwa. Alimpigia Mikdad, simu ikaita ikakatika. Alikuwa harusini Vigwaza kwa jamaa zake, na alipopokea hatimaye, tarumbeta zilisikika kuliko yeye.

"Dada, mfumo wetu unaficha kosa halisi," alisema. "Mpaka nipate laputopu. Nipe saa moja hivi."

Saa moja. Daktari Majaliwa alikuwa amekwisha kunawa na kuvaa, amekaa kwenye kiti chumba cha upasuaji, mikono ameikunja kifuani. Saa tisa lazima aondoke. Kesho yake alikuwa na watu wa kuwapasua Tanga. Kila nusu saa iliyopita ilikuwa na jicho la mtu ndani yake, na Sabiha alijua hilo.

Bi Shufaa alikuja stooni akasimama nyuma yake.

"Turudi kule kwa zamani?"

"Tukirudi, tunapoteza watoto wote wa asubuhi na vipimo vyao. Na kurudishia kwenyewe kutakula muda huo huo."

"Basi?"

"Nipe kidogo, mama."

Bi Shufaa alitoka akaenda kuwaambia wazee wapewe uji.

Sabiha alitaka faili moja la mzee la kujaribia, na lililomjia ni la bibi yake, kwa kuwa namba yake aliijua kwa moyo. Alilifungua. Jina, Kuruthumu. Kijiji, Fukayosi. Jicho, la kulia. Alishuka hadi tarehe ya kuzaliwa, akasimama. Siku, sifuri. Mwezi, sifuri. Mwaka, sifuri.

Akafungua la mzee wa kwanza aliyekataliwa. Mwaka ulikuwapo, mwezi na siku sifuri. La pili, vivyo hivyo. Alitoka stooni akaenda masjala, akamkuta Shuaibu amesimama dirishani.

"Shuaibu, hizi sifuri za tarehe ni zako?"

"Zangu. Kwani?"

"Kwa nini?"

Shuaibu alimtazama kama ameulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Mtu anasema alizaliwa mwaka wa mafuriko. Mwaka naukadiria, mwezi siujui, na yeye haujui. Nimtungie? Asiyejua kabisa, naacha sifuri zote. Ndivyo tulivyokubaliana na yule aliyekutangulia, akasema seva ataiambia ikubali."

Hapo mambo yote yalimrudia Sabiha kwa mkupuo, na aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Ule mstari alioulaza. Toleo la zamani lilikuwa likikubali sifuri kwa sababu ya mstari ule. Mstari ulipoondoka, toleo la nane lilifuata ukali wake lenyewe, na kwa ukali huo tarehe yenye sifuri si tarehe. Kusoma lilikuwa likisoma, maana zilizomo zilishakuwamo. Kuandika lilikuwa likikataa. Na mfumo wa Mikdad, ukihifadhi, huandika upya fomu yote ya mgonjwa hata kama kilichobadilika ni kipimo kimoja cha jicho. Stooni, katika wiki zile mbili, wauguzi walisajili vijana wenzao na wakasoma mafaili ya wazee. Hakuna aliyehifadhi mzee. Aliyemkumbuka bibi yake kila siku alisahau kumweka kwenye jaribio.

Mikdad alipiga simu, safari hii akiwa nje ya ukumbi. Sabiha alimweleza. Akacheka kwa nafuu.

"Rahisi hiyo, dada. Wape wote tarehe moja Januari. Wasio na mwaka wape elfu moja mia tisa hamsini. Amri moja tu, sekunde mbili, wazee wanaingia. Nchi nzima inafanya hivyo."

Hakuwa amekosea kuhusu nchi. Sabiha aliiandika amri ile. Ilikuwa fupi, na ilitoshea mstari mmoja. Barazani alimsikia mzee mmoja akiuliza kama daktari amekwenda kuswali au amekwenda zake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Kilichomzuia si uadilifu mkubwa, tusimpambe. Ni tabia. Hajawahi kufanya kwenye seva halisi jambo ambalo hajalifanya kwenye nakala. Aliiacha amri bila kuitekeleza, akasogea pembeni, akaiwasha ile kompyuta ya uhasibu. Nayo huwaka kwa madaha.

Ilipoamka, aliwapa wazee wa nakala tarehe zao za Januari, akatafuta. Sasa mbele yake alikuwa na safu ndefu ya watu waliozaliwa siku moja. Wamo waliojua kweli kwamba walizaliwa Januari mosi, na wamo waliopachikwa, na hakuna tena njia ya kuwatenganisha. Shuaibu alikuwa ameandika kwa uaminifu miaka yote kwamba hajui, na kwa amri moja hospitali ingejifanya inajua. Kwenye nakala angefuta na kurudishia. Kwenye halisi, na watoto wa asubuhi wakiwamo, asingeweza.

Akairejesha nakala ilivyokuwa, akafungua faili la mipangilio, akaamsha mstari uliolala kwa kuondoa alama yake, akafuta lile neno la pili tu. Akaanzisha seva upya. Ikawaka. Akafungua faili la Bibi Kuruthumu wa nakala, akabadili namba moja, akahifadhi. Ikakubali. Akajaribu mzee mwenye mwaka bila mwezi. Ikakubali. Akajaribu mtoto, asije akawaponya wazee na kuwaua watoto. Ikakubali.

Ndipo akageukia seva halisi. Aliwaambia wauguzi waache kubonyeza, akarekebisha mstari ule ule, akaanzisha upya seva, kisha programu ya hospitali, ishike mipangilio mipya. Muuguzi akajaribu mzee wa kwanza.

"Imeingia," akasema.

Karatasi zikaanza kutoka, wazee wakaanza kutiwa matone, Daktari Majaliwa akasimama kutoka kitini. Kazi ilikwenda haraka na kwa utulivu, jicho baada ya jicho. Sabiha hakurudi stooni. Alikaa kwenye kona ya baraza akitazama saa ya ukutani na orodha, na hesabu zilikataa kila alipozirudia. Muda ule aliotumia kwenye nakala wapo waliomlaumu baadaye, wakasema angebadili kwenye seva halisi moja kwa moja, mstari ni mstari. Wapo waliosema angekuwa mwendawazimu kupapasa gizani mara ya pili ndani ya siku mbili. Mpaka leo Ramadhan yuko upande wa kwanza na Shuaibu upande wa pili, na wakikutana msibani hulizungumza.

Alasiri ilipokaribia, muuguzi wa chumba cha upasuaji alitoka akasema daktari anachukua mmoja, basi. Barazani walikuwa wamebaki wawili. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa Bibi Kuruthumu. Baada yake Bi Ashura wa Saadani, mwanamke mrefu anayebanika samaki, ambaye njia yote alikuwa amekuja na mtoto wa jirani kwa kuwa hana mtu.

Sabiha alikuwa ameishika karatasi ya bibi yake mkononi. Moyo wake ulifurahi, na hakuona haya kufurahi.

"Bibi, twende. Ni zamu yako."

Bibi Kuruthumu hakuinuka. Aligeuza uso upande wa Bi Ashura, aliyekuwa amekaa akikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Huyu mwenzangu ametoka wapi?"

"Saadani, mama," Bi Ashura alijibu mwenyewe.

"Una nani wa kwako hapa?"

"Sina."

"Basi mpelekeni yeye," Bibi akasema. "Mimi mtu wangu yuko hapa hapa. Mashine yenyewe ni yake. Hata kesho ataniita."

Sabiha alifungua mdomo. Kesho hakuna daktari. Keshokutwa hakuna. Daktari alikuwa anarudi baada ya mfungo na Idi, na mfungo wenyewe ulikuwa haujaanza. Angeweza kulisema hilo, na bibi angeinuka, na Bi Ashura angerudi Saadani na giza lake, kwa mabasi mawili na njia ya mbuga. Muuguzi alikuwa anasubiri mlangoni. Bi Ashura alikuwa amekwisha kusimama nusu, mkono mmoja hewani akitafuta pa kushika.

Sabiha aliikunja ile karatasi ya bibi yake, akaitia mfukoni, akaushika mkono wa Bi Ashura, akampeleka mlangoni.

Coaster ya Fukayosi iliondoka jioni ile na wazee waliofungwa pamba jicho moja, wakicheka na kuitana vipofu. Bibi Kuruthumu hakupanda. Sabiha alimwambia akae naye Magomeni siku chache, na bibi akaona ni sawa, kwa kuwa ni siku chache.

Alikaa mwezi wa Shaabani, akafunga Ramadhani yote hapo. Sabiha alimpeleka chooni kwa mkono alfajiri kabla ya kwenda kazini na usiku kabla ya kulala, akamkatia nyama, akamwondolea miba ya samaki, akamwonyesha kibla kila swala kwa kumshika mabega. Siku moja alimkuta jikoni ameungua vidole vitatu akitafuta birika. Alimpaka asali, na hasira aliyokuwa nayo hakujua aielekeze kwa nani zaidi ya yeye mwenyewe.

Kila asubuhi ya miezi ile, Sabiha akivaa viatu mlangoni, Bibi Kuruthumu aliuliza kutoka kitandani, bila kulalamika, kama mtu anayeulizia mvua.

"Ni leo?"

"Bado, bibi."

"Haya. Kafanye kazi yako vizuri."